Dosie yako ku imeli: ipe jina, ipunguze uzito, useme mu barua umetuma nini

Mu telefone yako, fishie yenye jina "CV.pdf" inajulikana ni ya nani. Ni yako, juu telefone ni yako. Lakini ku biro ya kampani yenye inatafuta madereva wa dampa, fishie ile inakutana na zingine zenye jina lile lile. Mwenye kupokea madosie anazitosha mu barua moja moja na kuziweka fasi moja mu ordinatere. Ya kwanza inabaki "CV.pdf". Ya pili, ordinatere inaiandika yenyewe "CV (1).pdf". Ya tatu inakuwa "CV (2).pdf". Kama zinafika mia mbili, hakuna mutu mwenye anaweza kujua yako ni gani bila kufungua zote.

Siku hizi matangazo mengi ya kazi ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, yanaomba dosie ipite ku imeli. Watu wanafanya nguvu sana juu ya CV yenyewe. Wanalipa mutu wa siber aiandike muzuri. Kisha wanaituma bila kuangalia vitu vitatu: jina la fishie, uzito wake, na maneno yenye yanaambia mwenye kupokea ni nini iko ndani. Dosie inaweza kupotea juu ya hivyo vitatu, hata kama mwenyewe anajua kazi muzuri.

Tuchukue mufano. Tumuite Ilunga Kasongo Pierre, jina la mufano tu. Aliendesha dampa miaka sita ku kampani mbili. Tangazo linasema dosie ifike mbele ya siku ya tano, saa kumi ya muchana. Linaomba CV, barua ya kuomba kazi, diploma, permi, sertifika za kazi za zamani, karte ya kupigia kura, na karte ya ONEM ya mwenye kutafuta kazi. Tutafuata dosie yake toka pa meza ya nyumba mpaka ku biro.

Foto kumi na moja, mega makumi ine na ine

Ilunga anapanga makaratasi yake pa meza na kupiga foto. CV iko na kurasa mbili, barua moja, diploma moja. Permi ni foto mbili, mbele na nyuma. Sertifika za kazi ni mbili. Karte ya kupigia kura ni foto mbili tena, na karte ya ONEM moja. Zote pamoja ni foto 11.

Telefone ya siku hizi inapiga foto yenye uzito wa karibu Mo 4. Alama "Mo" yenye unaona pa ekra ni ile tunaita mega, ile ile yenye unauziwa mu forfe ya interneti. Mega moja ni kama "Ko" elfu moja. Basi foto 11 za Mo 4 ni Mo 44.

Ilunga ako na Gmail. Gmail inakubali viambatisho vya Mo 25 mu barua moja, haipite pale. Ukipita, inakuambia itaweka fishie mu Drive na kutuma liyen, maana njia ya kuzifungua pa interneti. Tutarudilia mambo ya liyen. Lakini kuko mupaka mwingine wenye Ilunga haoni: mupaka wa upande wa kampani. Serveri, ile mashini yenye inapokea barua za kampani, iko na kipimo chake, na kiko chenye mafundi wa kampani walichagua. Zingine zinakubali Mo 20 ao kupita. Zingine zinakatalia pa Mo 10.

Tena kuko jambo lenye watu wengi hawajui: fishie inaongezeka uzito njiani. Imeli ilitengenezwa zamani juu ya kubeba maandishi tu. Ili foto ao PDF ipite, mashini inaigeuza kwanza kuwa herufi: kila sehemu tatu za fishie zinaandikwa kwa alama ine. Kwa hiyo uzito unaongezeka karibu sehemu moja ya tatu. Foto za Ilunga za Mo 44 zinakuwa karibu Mo 59. Na fishie ya Mo 9, yenye mutu anaizania iko chini ya mupaka wa 10, inafika pa mulango ikiwa na Mo 12. Serveri inaikatala.

Kanuni yenye unaweza kushika ni hii: viambatisho vyote pamoja, usipite Mo 7. Ukiongeza sehemu ya tatu, utakuwa karibu Mo 9 na nusu, na hata serveri ya mupaka wa Mo 10 itakufungulia. Ukifika pa Mo 5 ao chini, ni muzuri zaidi, juu forfe yako pia inapumua.

Kupunguza uzito bila kuharibu maandishi

Kosa ya kwanza ni kutuma foto kama vile telefone iliipiga. Foto ya Mo 4 imejaa rangi ya meza, kivuli cha mukono na kitambaa. Mwenye kupokea anahitaji karatasi tu. Kwa hiyo usipige foto, skana.

Karibu telefone zote za Android ziko na aplikasyo ya Drive. Ukiifungua, utaona alama ya kamera, ya kuskana. Weka karatasi pa fasi ya giza kidogo, kama meza ya mbao, karibu na dirisha, mangaribi isikukute. Aplikasyo inatafuta pembe ine za karatasi, inakata yenye iko inje, inanyoosha na kufanya maandishi yaonekane wazi. Ukimaliza ukurasa wa kwanza, bonyeza alama ya kuongeza na upige wa pili. Mwisho inatosha PDF moja yenye kurasa zote. Wenye telefone ya iPhone wanapata kazi ile ile mu aplikasyo ya Notes.

Ukurasa wa maandishi wenye umeskanwa namna hiyo mara nyingi uko na kama Ko 200 mpaka 500. Kurasa 11 za Ilunga, tuseme Ko 350 kila moja, zinakuwa karibu Mo 4. Toka Mo 44 mpaka Mo 4, na maandishi yanasomeka kupita mbele.

Lakini usiamini macho ya haraka. Fungua PDF mu telefone, uvute kwa vidole viwili, utafute vitu vidogo: namba ya permi, tarehe yenye permi inaisha, muhuri wa sertifika. Kama pembeni ya herufi unaona vipande vya rangi kama matofali madogo, fishie ilipunguzwa kupita kiasi. Rudilia kuskana ukurasa ule. Usipunguze mara ya pili fishie yenye ilikwisha kupunguzwa, juu kila mara inapoteza kitu chenye hakirudi.

WhatsApp njo mahali watu wengi wanaharibia makaratasi bila kujua. Mutu anamutumia kijana wa siber foto ya diploma kwa WhatsApp, na WhatsApp inaipunguza njiani. Inafika nyepesi, lakini muhuri hausomeke tena. Na jina linabadilika kuwa kitu kama "IMG-20250314-WA0012.jpg". Kama unalazimika kupitisha kwa WhatsApp, bonyeza alama ya kuambatanisha, uchague "Document", siyo galeri ya foto. Hapo fishie inafika kama ilivyo.

Jina lenye linajisemea

Sasa Ilunga ako na PDF, lakini telefone iliziita kwa tarehe na saa, ao kwa jina lenye halisemi kitu. Jina la muzuri linajibu maswali mawili: ni ya nani, na ni nini. Yote mawili mu jina lenyewe, juu fishie ikishatoshwa mu barua yako, haina tena adresi yako pembeni.

Kwetu Kongo, jina moja halitoshe. Wa-Ilunga wako wangapi mu Kolwezi? Weka jina, jina la pili na la ubatizo, kama vile yameandikwa pa karte yako. Kisha namba ya mufuatano, kisha kitu chenyewe. Fishie za Ilunga zinakuwa hivi:

```
ILUNGA_KASONGO_Pierre_01_CV.pdf
ILUNGA_KASONGO_Pierre_02_Lettre.pdf
ILUNGA_KASONGO_Pierre_03_Diplome_Permis.pdf
ILUNGA_KASONGO_Pierre_04_Certificats.pdf
ILUNGA_KASONGO_Pierre_05_Cartes.pdf
```

Angalia namna zimejengwa. Alama ya mustari wa chini inashika fasi ya nafasi tupu, juu kuko mashini zenye zinakata jina pa nafasi tupu ya kwanza. Herufi za Kifaransa zenye alama juu, kama ile ya mwisho wa neno diploma kwa Kifaransa, zimeandikwa bila alama, juu mu ordinatere zingine zinageuka kuwa vitu vyenye havisomeke. Mustari wa kulala "/" hauruhusiwi kabisa mu jina la fishie ku Windows, wala alama ya kuuliza, wala nukta mbili. Ukiandika "CV/2025" ordinatere itakataa ao itabadilisha jina bila kukuuliza.

Namba zimeandikwa 01, 02, siyo 1, 2. Kama fishie zako zinapita kumi, kuko ordinatere yenye itaweka 10 mbele ya 2, juu inasoma alama ya kwanza ya kushoto. Ukiweka sifuri mbele, mufuatano wako unabaki kama ulivyopanga.

Kama tarehe inahitajika mu jina, anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-14. Ordinatere ikizipanga, za zamani zinakuja mbele na za mupya nyuma, zenyewe. Ukianza na siku, tarehe 02 ya mwezi wa kumi itakaa mbele ya tarehe 14 ya mwezi wa tatu.

Maneno kama "final", "nouveau" ao "vrai CV" yanamusaidia wewe tu, tena kwa siku mbili. Mwenye kupokea hajui kama ulikuwa na ingine ya uongo.

Ili kubadilisha jina mu telefone, fungua aplikasyo ya fishie, bonyeza fishie na kidole kikae pale, tafuta vitone vitatu na uchague "Renommer". Badilisha maneno yote lakini acha mwisho wake, ".pdf". Ukiufuta, ordinatere ya biro haitajua ifungue fishie na nini.

Tena soma tangazo mara mbili. Kama linaomba fishie moja tu ya PDF, usitume tano. Unganisha zote mu moja, kwa mufuatano wenye tangazo lenyewe lilitoa. Kama linatoa namba ya tangazo, weka namba ile mu "Objet" ya barua, kama vile imeandikwa, bila kuipunguza.

Ndani ya barua: orodha, siyo hewa

Barua mingi zinakuja zikiwa tupu, ao na mustari mumoja: "Muzuri, dosie yangu ni hiyo." Mwenye kupokea anaona fishie tano. Ni tano zote zenye ulituma, ao ya sita ilibaki njiani? Hawezi kujua. Na kama ameprinti barua yako, viambatisho havionekane pa karatasi ile. Yenye inabaki ni maneno yako tu.

Kwa hiyo andika orodha, uhesabu. Utaandika kwa Kifaransa kama biro ni ya Kifaransa, lakini mambo ni haya:

```
Bwana Mukubwa wa kazi,

Ninaomba kazi ya dereva wa dampa, tangazo namba (...).
Kwa barua hii nimefunga fishie 5 za PDF, kurasa 11,
uzito wote Mo 4:

01 CV (kurasa 2)
02 Barua ya kuomba kazi (ukurasa 1)
03 Diploma na permi (kurasa 3)
04 Sertifika za kazi, kampani mbili (kurasa 2)
05 Karte ya kupigia kura na karte ya ONEM (kurasa 3)

Kama fishie moja haifunguke, munipigie ku namba hii,
nitaituma tena siku ile ile.

ILUNGA KASONGO Pierre
```

Namba za orodha ni zile zile za majina ya fishie. Mwenye kupokea anasoma "04", anaona "04", amemaliza. Kama anaona 01, 02, 03 na 05, anajua palepale ni gani inakosa, na ako na namba yako ya telefone.

Usiandike mu barua "kama munavyoona mu kiambatisho" bila kusema ni kiambatisho gani. Na maneno makubwa ya dosie, kama vile miaka sita ya kuendesha dampa, yaseme mu mustari wa barua pia. Kuko wenye wanasoma barua kwa telefone njiani na hawafungue fishie mpaka kesho yake.

Mufuatano wa kazi unasaidia pia. Funga fishie kwanza kwa "Joindre un fichier". Kisha andika orodha ukiangalia fishie zenyewe. Adresi ya mwenye kupokea, iandike mwisho kabisa. Bila adresi, barua haiwezi kuondoka hata kidole kikiteleza, na hautatuma orodha ya fishie tano na fishie tatu tu.

Wakati gani liyen inapita kiambatisho?

Dosie ya Ilunga haina haja ya liyen. Mo 4 inapita popote. Na kuko sababu ingine: ndani muko karte ya kupigia kura, tarehe ya kuzaliwa, adresi ya nyumba. Liyen yenye imefunguliwa kwa kila mutu inaweza kutumwa kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Makaratasi ya utambulisho yaende kama kiambatisho, kwa adresi moja tu.

Lakini kuko dosie za namna ingine mu familia zetu. Tuseme mama mumoja anakaa karibu na mugodi. Kila mara dinamiti inapasuka, ukuta wa salo unapasuka pia. Anataka kuandikia biro ya kampani yenye inashugulikia mambo ya watu wa kartie. Ako na foto makumi mbili na tano za nyufa, na video ya dakika mbili. Video ya telefone, kwa ubora wa kawaida wenye watu wanaita "1080", mara nyingi inapita Mo 100 kwa dakika moja. Ile ya dakika mbili peke yake inaweza kupita Mo 200. Hakuna imeli yenye itaibeba, na ukiipunguza mpaka Mo 7, ufa wenyewe hautaonekana tena. Hapa liyen njo jibu.

Anafungua Drive, anatengeneza dosie moja, anaipa jina lake na tarehe, anatia foto na video ndani. Foto pia anazipa majina, juu "IMG" na namba ndefu hazisemi ni chumba gani:

```
2025-03-14_Salon_01.jpg
2025-03-14_Salon_02.jpg
2025-03-14_Chambre_01.jpg
```

Kisha anabonyeza vitone vitatu pembeni ya dosie na kufungua mambo ya kugawa. Hapa njo pana mutego. Mwanzoni Drive inaandika "Limité". Maana yake, hata ukituma liyen, mwenye kupokea anakutana na mulango wa kufungwa na anaambiwa aombe ruhusa. Wewe utapata imeli ya kuomba ruhusa, lakini kama haukuangalia telefone siku mbili, biro imekwisha kufunga mambo yako. Kwa hiyo anabadilisha "Limité" kuwa "Tous les utilisateurs disposant du lien", na kwa ruhusa anaacha "Lecteur", ili waangalie tu, wasifute wala kubadilisha. Mwisho anabonyeza "Copier le lien".

Mbele ya kutuma, ajaribu liyen yenyewe. Afungue mu Chrome "Nouvel onglet de navigation privée" na kubandika liyen pale. Mu ukurasa ule, telefone haimujue. Anaona kile chenye mugeni ataona. Kama foto zinaonekana, ni sawa. Kama inamuomba aingie na adresi ya Gmail, mulango ungali umefungwa. Kumupatia mutoto wa jirani ajaribu ku telefone yake ni muzuri pia.

Liyen iko na magonjwa yake. Fishie yenye iko nyuma ya liyen ingali mu Drive yako. Siku moja telefone inakuambia nafasi imejaa, juu Google inatoa Go 15 za bure kwa Gmail, Drive na foto zote pamoja. Unafuta kabisa video ile ya uzito, na biro haiipate tena ku liyen. Kama unatumia WeTransfer, liyen inaisha yenyewe kisha siku kidogo. Tena kuko kampani zenye zinafungia Drive ku ordinatere za kazi. Kwa hiyo liyen haipashwe kuwa peke yake.

Tena kitu chenye kiko nyuma ya liyen kinaweza kubadilishwa kisha barua kutumwa. Leo foto 25, kesho 30. Mutu anaweza kusema uliongeza nyufa nyuma. Kiambatisho hakibadilike, kinabaki kama kilivyokuwa saa ile ulituma. Kwa hiyo kitu chenye kinapaswa kuwa ushuhuda, kifunge. Mama yule anafunga barua yake ya PDF yenye tarehe na sinyatire, na foto ine za nyufa zenye zinaonekana zaidi, zimepunguzwa mpaka Mo moja kila moja. Zingine na video zinabaki mu liyen. Na mu barua anaandika:

```
Nimefunga barua yangu (PDF, kurasa 2) na foto 4.
Foto zote 25 na video 1 (dakika 2, Mo 260)
ziko ku liyen hii: (...)
Liyen inafunguka bila adresi ya Gmail.
Nitaiacha wazi mpaka tarehe 30 ya mwezi wa ine.
Kama haifunguke kwenu, nitaleta vyote ku kle ya USB.
```

Ameandika uzito wa video, ili mwenye kupokea asiifungue na forfe ya telefone yake bila kujua. Ametoa tarehe ya mwisho, na sasa anajua yeye mwenyewe asifute mbele ya siku ile. Na ametoa njia ya pili.

Kisha kubonyeza

Rudilia kwa Ilunga. Ametuma siku ya ine mangaribi, siyo siku ya tano saa tisa na nusu, juu kama kuko shida, anahitaji saa za kuitengeneza.

Kwanza anaangalia kama barua iliondoka kweli. Mutandao ukiwa muzaifu, Gmail inaiacha mu "Boîte d'envoi" na inangoja. Mutu anazima interneti ili kuchunga mega, anaenda kulala, na barua inalala pia. Lazima uione mu "Messages envoyés". Ifungue pale, ufungue na kila kiambatisho. Kama kinafunguka pale, njo kile chenye kilienda.

Pili, anangoja dakika kumi na kuangalia tena kama hakuna barua yenye ilirudi. Inakuja kwa jina "Mail Delivery Subsystem". Watu wengi wanaizania ni uongo wa interneti na kuifuta. Isome. Ukiona namba 552 na maneno ya Kiingereza yenye yanataja "size", ni uzito: serveri ya kampani ilikatala, na hakuna mutu ku biro mwenye aliona dosie yako. Punguza, tuma tena. Ukiona 550 na maneno yenye yanasema adresi haijulikane, uliandika vibaya adresi. Linganisha na tangazo herufi kwa herufi. Namba ikiwa 4 mwanzoni, ni kizuizi cha muda, na Gmail itajaribu tena yenyewe.

Mwisho, usifute barua yenye iko mu "Messages envoyés", hata nafasi ikijaa. Iko na siku, saa, adresi, orodha na fishie zote tano. Kama biro inasema kwamba haikupokea kitu, usitengeneze barua ingine ya mupya. Fungua ile ile, bonyeza "Transférer", na uitume tena kwao. Juu ya barua ile patatokea tarehe na saa ya kwanza: siku ya ine, mangaribi.